Meseji ya "TRA" Inayodai Kodi Ilipwe Leo Leo

Ujumbe wa kitapeli unaojifanya umetoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huja kwa meseji ya kawaida, kwa WhatsApp au kwa simu ya kupigwa, na karibu kila mara hubeba mambo matatu: deni, muda mfupi wa kulipa, na mahali pa kutuma fedha. Deni hutajwa kwa shilingi zake kamili, kwa mfano 864,000, ili lionekane limechotwa kwenye kumbukumbu za mtu huyo na si kubuniwa. Muda huwa ni leo, pengine saa mbili tu kutoka ujumbe ulipoingia. Mahali pa kulipa huwa ni namba ya simu ya "afisa", Lipa Namba ya biashara ambayo mpokeaji haijui, au kiungo cha kubonyeza. Pembeni huwekwa kitisho: faini mara nne ya deni, akaunti kuzuiwa, duka kufungwa.

Utapeli huu ni ndugu wa ile meseji maarufu ya "ile hela itume kwenye namba hii", ila umevaa nguo rasmi. Meseji ya "ile hela" humnasa yule tu ambaye kwa bahati mbaya alikuwa na hela ya kumtumia mtu siku hiyo. Ya kodi ina uwanja mpana zaidi, kwa kuwa mfanyabiashara mdogo karibu yeyote anaweza kuamini kwamba kuna kitu hakukilipa. Wengi hawana uhakika na hesabu zao za kodi, na wanaojua kwamba mauzo fulani hawakuyatolea risiti huogopa zaidi. Kinachofanya kazi hapo ni mashaka ya mpokeaji mwenyewe, na ndiyo maana hata watu waangalifu hutumbukia.

Kitu kingine kinachousaidia utapeli ni kwamba vitisho vyake havikutungwa kutoka hewani. TRA yenyewe hutuma meseji za kuwakumbusha walipakodi tarehe za malipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaipa mamlaka uwezo wa kuiandikia benki ilipe deni la kodi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya mdaiwa. Riba hutozwa kwa kodi iliyocheleweshwa. Kwa hiyo ushauri wa "puuza kila ujumbe unaotaja kodi" haufai; anayeufuata anaweza kuukwepa utapeli leo na kuja kushangaa miezi michache baadaye deni halali likiwa limevimba kwa riba. Kinachotakiwa ni njia ya kutenganisha deni la kweli na la uongo bila kuutegemea ujumbe wenyewe.

Njia hiyo ipo, nayo inasimama juu ya jambo moja: deni la kweli linaonekana hata ujumbe ukifutwa. Lipo kwenye akaunti ya mlipakodi katika mfumo wa TRA, lipo kwenye barua au taarifa ya makadirio, na hulipwa kwa namba inayoingiza fedha kwenye akaunti ya Serikali. Deni la tapeli lina makao mamoja tu, nayo ni ile meseji.

Kabla ya kufika kwenye uthibitisho, inafaa kuondoa alama ambazo watu huziamini bila sababu. Ya kwanza ni TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi. Mtu anayepokea ujumbe wenye jina la biashara yake na tarakimu zote tisa za TIN yake husema moyoni kwamba hizo ni habari ambazo TRA pekee inazo. Lakini atazame risiti inayotoka kwenye mashine yake ya EFD. Chini ya maandishi ya kufungulia risiti kuna jina la biashara, anuani, namba ya simu, TIN, namba ya usajili wa VAT kama anayo, namba ya mashine na hata jina la ofisi ya kodi inayomhudumia. Risiti hiyo hupewa kila mteja, na nyingi huishia sakafuni mlangoni. Anayeokota risiti moja ya duka la vifaa vya ujenzi ana kila kitu anachohitaji ili apige simu na kusema: "Ninapiga kutoka ofisi yako ya kodi, TIN yako ni hii, biashara yako ipo mtaa huu." Kuijua TIN ya mtu, basi, hakuthibitishi chochote.

Alama ya pili ni jina la mtumaji. Meseji inayokuja na jina "TRA" badala ya namba ya simu huonekana rasmi, hasa ikiingia kwenye uzi uleule ambao tayari una meseji halali za zamani. Simu hupanga meseji kwa kufuata jina la mtumaji tu, bila kuchunguza nani hasa aliyetuma. Jina hilo ni maandishi yanayowekwa na anayetuma, na ulimwenguni kote matapeli wamekuwa wakitumia huduma za meseji za jumla au mitambo midogo ya redio kusambaza ujumbe wenye majina ya benki na taasisi za serikali. Ndivyo ilivyo pia kwa simu inayoita: namba inayojitokeza kwenye kioo inaweza kughushiwa. Nembo ya TRA kwenye picha ya akaunti ya WhatsApp ni jambo la kunakili kwa sekunde chache.

Ya tatu ni lugha. Ushauri wa kutafuta makosa ya tahajia ulikuwa na maana zaidi zamani. Siku hizi ujumbe wa kitapeli unaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi kuliko tangazo rasmi, na tangazo rasmi likawa na makosa. Makosa yakionekana ni sababu ya kushtuka. Yasipoonekana si sababu ya kutulia.

Kinachobaki cha kuaminika ni mwendo wa kodi yenyewe, kwa kuwa kodi ina kalenda na ina karatasi. Mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu unafuata mwaka wa kawaida hulipa kodi ya mapato ya makadirio kwa awamu nne, na mwisho wa awamu hizo ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwajiri hupeleka kodi aliyowakata wafanyakazi ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Aliyesajiliwa kwenye VAT huwasilisha ritani yake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mtu anayezijua tarehe zinazomhusu, akaziandika ukutani nyuma ya kaunta, tayari anajua kama deni linalodaiwa lina mahali pa kukaa kwenye mwaka wake au limedondoka tu.

TRA inapoona kwamba mtu alilipa pungufu, nayo haimalizi jambo kwa meseji. Hutoa taarifa ya makadirio inayoeleza aina ya kodi, mwaka unaohusika, kiasi na tarehe ya kulipa. Asiyekubaliana na makadirio hayo ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa sharti la kulipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna ameridhia vinginevyo. Pingamizi likikataliwa kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, na juu yake Baraza la Rufaa za Kodi. Mtu aliyepewa na sheria mwezi mzima wa kupinga hawezi wakati huohuo kuwa amepewa saa mbili za kulipa. Muda mfupi kupita kiasi ndiyo alama bora zaidi iliyomo ndani ya ujumbe wenyewe, kwa sababu tapeli hawezi kuiacha: akimpa mtu siku tatu, mtu huyo atafika ofisini.

Uthibitisho sasa. Hatua ya kwanza ni kuuacha ujumbe ulivyo: bila kuujibu, bila kubonyeza kiungo, bila kupiga namba iliyomo, na pia bila kuufuta. Kujibu, hata kwa matusi, humwambia tapeli kwamba namba hiyo ina mtu anayesoma. Kuufuta hupoteza ushahidi. Picha ya skrini yenye namba ya mtumaji, tarehe na saa inatosha kwa kuanzia.

Kisha mlipakodi aende TRA kwa njia yake mwenyewe. Kama ana akaunti ya mlipakodi mtandaoni, afungue kivinjari na kuandika tra.go.tz kwa mkono wake, aingie, na atazame madeni na malipo yaliyopo. Kama hana, apige simu ya bure ya TRA, 0800 750 075 au 0800 780 078, akiipiga yeye. Kupigiwa na namba hizo si uthibitisho, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Na kama ofisi ya TRA ya wilaya au mkoa iko karibu, aende na picha ya ujumbe na TIN yake aulize mambo mawili tu: je, kuna deni kwenye akaunti hii, na je, kuna barua iliyotolewa? Afisa wa kaunta huangalia kwenye mfumo na kujibu. Wafanyabiashara wengi huogopa safari hii kwa kudhani kwamba kuuliza kutawaletea ukaguzi. Woga huo ndio mtaji wa tapeli. Kuulizia salio la akaunti yako ya kodi ni jambo la kila siku kwenye kaunta hizo.

Endapo deni lipo, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontrol namba. Ni namba ya tarakimu 12 inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Kila namba hufungwa na ankara moja: ina jina la anayedaiwa, aina ya malipo na kiasi. Mlipaji huipeleka benki au kwa wakala wa benki, ama huilipa kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali, iwe ni *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas, *150*60# ya Airtel Money au *150*88# ya HaloPesa. Fedha haipiti kwenye mkono wa mtu wala kwenye laini ya afisa.

Hapo simu yenyewe inageuka kuwa kipimo. Mtu anapotuma fedha kwa namba ya kawaida, kabla ya kuweka namba ya siri huonyeshwa jina la aliyesajili laini ile. Anayedhani analipa TRA akaona jina la mtu binafsi, au kwa Lipa Namba akaona jina la duka la nguo, ameshapata jibu lake. Tapeli analijua hili na huja na kinga mapema: "Utaona jina la mhasibu wetu, usishtuke, ndiye anayepokea makusanyo ya kanda." Hakuna mhasibu wa namna hiyo. Jina hilo, hata hivyo, si lazima liwe la tapeli mwenyewe. Laini nyingi za utapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, wakiwemo wasiojua kabisa kwamba alama za vidole vyao zilitumika mara mbili siku waliyokwenda kusajili laini moja. Kumfuata mtu mwenye jina hilo mtaani au kumtangaza mitandaoni kunaweza kumuumiza asiyehusika. Kila mwenye simu anaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Kontrol namba nayo ina mpaka wake, na mpaka huo hauzungumzwi sana. Namba halali ya Serikali inathibitisha kwamba fedha itaingia serikalini. Haithibitishi kwamba deni ni la anayelipa. Mtu mwenye deni lake mwenyewe anaweza kuchukua kontrol namba yake, akaituma kwa mtu mwingine kama "deni lako la kodi", na mlipaji akamlipia bila kujua. Fedha inafika kweli, risiti inatoka kweli, na akaunti ya mlipaji haipungui hata senti. Kwa hiyo kabla ya kulipa ni lazima kusoma ankara: jina ni la nani, TIN ni ya nani, malipo ni ya nini. Pale ambapo kioo cha simu hakionyeshi jina la anayedaiwa, benki au ofisi ya TRA inaweza kulisoma kwenye ankara yenyewe. Njia salama kupita zote ni mlipakodi kuitengeneza namba hiyo mwenyewe kwenye akaunti yake au kuichukua kaunta.

Mfano wa kutungwa, lakini wa kawaida kabisa, unaonyesha mwendo wote. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Singida amekadiriwa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa kila awamu. Amelipa ya Machi na ya Juni, na risiti zake zimo kwenye bahasha chini ya droo. Tarehe 16 Septemba, saa sita mchana, inaingia meseji yenye jina "TRA": "Ndugu mlipakodi, TIN yako ina malimbikizo ya Tsh 864,000. Lipa kabla ya saa 8 mchana leo kuepuka faini ya Tsh 3,500,000 na kufungiwa biashara. Wasiliana na afisa wako kwa namba ifuatayo." TIN iliyoandikwa ni yake, tarakimu kwa tarakimu.

Akitulia na bahasha yake, hesabu haichukui muda mrefu. Awamu mbili zimelipwa, jumla 600,000. Awamu ya tatu ni 300,000 na mwisho wake ni 30 Septemba, siku 14 mbele. Hakuna namna ya kuzipanga namba hizo zikazaa 864,000. Neno "malimbikizo" lingeweza kuhusu miaka ya nyuma, na hilo bahasha haiwezi kulijibu, kwa hiyo anapiga 0800 750 075 au anapanda bodaboda hadi ofisi ya mkoa. Jibu linaweza kuwa kwamba hakuna deni. Ujumbe ni wa uongo, na anachotakiwa ni kuuripoti na kusubiri awamu yake. Linaweza pia kuwa kwamba kweli mwaka juzi kuna 140,000 haikulipwa. Hata hapo ujumbe unabaki kuwa wa uongo, kwa kuwa kiasi si hicho na pa kulipia si hapo. Anachukua kontrol namba ya 140,000 kaunta na kulipa. Kama hana fedha kwa wakati huo, sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna aombe kuongezewa muda au kulipa kwa mafungu, jambo ambalo hufanyika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ujumbe wenye kiungo unahitaji jicho la aina nyingine. Anuani za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na mwisho huo haupatikani kwa mtu binafsi. Tatizo ni kwamba tapeli huweka maneno hayo mahali pasipo pake. Anuani kama hii:

```
tra.go.tz.lipa-kodi-leo.com/deni
```

huanza na maneno ya TRA, lakini mwenye nyumba ni yule anayekaa mwisho, mara tu kabla ya mkwaju wa kwanza: hapa ni lipa-kodi-leo.com, ambayo haina uhusiano na Serikali. Anuani inayotumia vistari badala ya nukta, mfano tra-go-tz, nayo si .go.tz. Ukurasa unaofunguka unaweza kufanana na wa TRA hadi kwenye rangi, na huomba TIN, nywila, namba ya kadi ya benki au namba ya siri ya mtandao wa fedha. Hakuna taasisi inayohitaji namba ya siri ya M-Pesa ya mtu ili kupokea kodi yake. Hali ni ileile kwa ujumbe uliogeuzwa kichwa chini, ule unaoahidi rejesho la kodi badala ya kudai: unayeahidiwa kupokea fedha huhitaji kutoa namba yako ya siri.

Kwenye WhatsApp hatari zaidi ni faili. Barua huja kama PDF au picha. Faili inayoishia na .apk si barua, ni programu ya simu za Android, na anayeifungua huombwa ruhusa ya kuisakinisha. Ikikubaliwa, programu ya namna hiyo inaweza kusoma meseji zote zinazoingia, zikiwemo zile zenye namba za uthibitisho kutoka benki.

Simu ya kupigwa ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hapo kuna sauti ya mtu na kuna mazungumzo. Kishoka, kama wanavyoitwa maafisa feki, kwa kawaida huanza kwa ukali, akitaja TIN na ofisi ya kodi kutoka kwenye risiti. Mfanyabiashara akianza kujitetea, sauti hulainika: "Sasa mzee wangu, mimi naweza kukusaidia. Deni ni milioni mbili, lakini nitumie laki nne tulimalize huku huku." Hapa mtego umebadilika sura. Anayekubali hajioni kama aliyetapeliwa bali kama aliyepata ahueni, na baadaye akigundua ukweli hana ujasiri wa kwenda polisi, maana atalazimika kueleza kwamba alidhani anatoa rushwa. Matapeli wanalielewa hilo vizuri sana. Na kama aliyepiga ni afisa wa kweli anayetaka chake, jibu ni lilelile: hakuna fedha inayotumwa kwenye namba ya mtu. Tofauti ni kwamba taarifa za afisa wa kweli hupelekwa pia TAKUKURU, kwa namba ya bure 113.

Njia ya heshima ya kukata simu kama hiyo ni kuomba jina la afisa, kituo chake na namba ya barua ya makadirio, kisha kusema kwamba mlipakodi atafika ofisini. Afisa halali hapotezi kitu. Kishoka huongeza kitisho au hukata simu.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, kinachoamua ni dakika. Fedha ya utapeli huwa haikai. Hutolewa kwa wakala au kuhamishiwa laini nyingine haraka. Hivyo simu ya kwanza iende kwa mtoa huduma wa mtandao wa fedha, kwa namba 100, ikiwa na namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya uthibitisho. Ikiwa salio bado lipo kwenye laini ya mpokeaji, mtoa huduma anaweza kulizuia. Likiwa limetolewa, hana cha kuzuia. Aliyetoa taarifa za kadi au akaunti apigie benki yake wakati huohuo na kuomba kadi ifungwe. Aliyetaja namba ya siri aibadilishe mara moja, na aliyeandika nywila ya akaunti yake ya kodi aibadilishe pia, hasa kama ni nywila hiyohiyo anayoitumia kwenye barua pepe.

Aliyesakinisha programu iliyotumwa azime data na Wi-Fi kwanza, kisha atumie simu nyingine kuwasiliana na benki. Kuiondoa programu peke yake si lazima kutoshe. Simu ikibidi irudishwe kwenye hali ya kiwandani baada ya kuhifadhi picha na majina. Aliyefungua kiungo tu, bila kujaza kitu wala kukubali kusakinisha, kwa kawaida hajapoteza chochote, na hana haja ya kuingiwa na hofu ya pili.

Baada ya hapo kuna kituo cha polisi. RB inayotolewa pale ndiyo inayowezesha mtoa huduma na polisi kufuatilia laini na muamala kwa utaratibu wa kisheria, na makosa haya yanashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukweli ni kwamba fedha nyingi zinazopotea kwa njia hii hazirudi. Na katika siku zinazofuata, aliyeibiwa ajiandae kwa simu nyingine kutoka kwa "kitengo cha kurejesha fedha" kitakachoomba ada ndogo ili fedha zifunguliwe. Mara nyingi ni watu walewale, wakiitumia orodha yao ya waliokwisha kulipa mara moja.

Ujumbe wa kitapeli, hata kama haukumpata mtu, una pa kupelekwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inapokea taarifa kwa namba 15040: meseji husambazwa kama ilivyo kwenda namba hiyo, na mfumo hujibu ukiomba namba ya simu iliyoituma. Taarifa hizo hutumika kufungia laini, na takwimu zake hutokea kwenye ripoti za TCRA za kila robo mwaka, ambazo zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa na majaribio mengi ya ulaghai kuliko mingine. Laini ikifungwa, tapeli hununua nyingine, lakini deni alilolituma kwa mamia ya watu kwa namba ile halina tena pa kulipiwa. Kuripoti hakuna gharama.